Picha ya bidhaa iliyozalishwa na akili mnemba: njia za kuiandaa kwa katalogi ya kuchapwa

Picha ya bidhaa inayozalishwa na akili mnemba hutoka ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya kioo, si kwa ajili ya karatasi. Mara nyingi huwa ni mraba wa pikseli 1024 kwa 1024, rangi zake ni za RGB, yaani za mwanga mwekundu, kijani na buluu, na kingo zake zimekwisha kutiwa ukali kidogo ili ipendeze kwenye simu. Katalogi inayochapwa kwa ofseti ina mahitaji mengine, na katika kila hatua ya kuiandaa picha hiyo zipo njia zaidi ya moja. Baadhi ya njia hizo hutoa matokeo yanayolingana, na nyingine huonekana kuwa sawa mpaka siku kazi inapotoka kiwandani.

Ulinganisho huu unafuata picha moja tu, yaani chupa ya chai ya buluu kali, yenye maua ubavuni na mkanda wa chuma shingoni, iliyowekwa juu ya mandhari nyeupe. Tuseme muuzaji wa vyombo kwa jumla anataka kuitia kwenye katalogi ya ukubwa wa A4. Buluu yake ni ngumu kuchapwa, maua yake huharibika picha inapokuzwa vibaya, na weupe wa mandhari yake una kasoro ambayo kioo hakiionyeshi.

Ukubwa: kuacha ilivyo, kukuza kwa kawaida, au kukuza kwa akili mnemba

Kabla ya kuchagua njia yoyote, ni lazima ijulikane picha itachukua sentimita ngapi kwenye ukurasa. Kiwango cha pikseli 300 kwa inchi kinachotajwa na wachapaji wengi kinatokana na vitone vya wino. Katalogi kwenye karatasi laini ya kung'aa kwa kawaida huchapwa kwa mistari 150 ya vitone kwa inchi, na desturi ni kuipatia kila mistari 150 pikseli mara mbili yake. Mara moja na nusu, yaani pikseli 225 kwa inchi, bado hutosha kwa picha nyingi ambazo hazina maandishi wala mistari myembamba sana. Kwa hiyo picha ileile yaweza kuwa bora mno kwenye ukurasa mmoja na mbovu kwenye ukurasa mwingine:

| Mahali pa picha | Pikseli kwa inchi zitakazopatikana | Pikseli zinazohitajika kwa 300 |
|---|---|---|
| Upana wa sm 6 | 433 | 709 |
| Upana wa sm 9 | 289 | 1063 |
| Upana wa sm 18 | 144 | 2126 |
| Ukurasa mzima, urefu wa sm 30.3 pamoja na mm 3 za kukatwa juu na chini | 86 | 3579 |

Safu mbili za kwanza hazihitaji kukuzwa. Pikseli 289 na 300 hazitofautiki kwa jicho, na anayeikuza picha ya sentimita 9 ili tu namba ifike 300 anajitwisha kazi isiyo na faida.

Ipo njia moja ambayo inafaa kutajwa ili iepukwe. Mtu hufungua dirisha la `Image Size`, huondoa alama kwenye `Resample`, huandika 300 mahali palipokuwa na 72, kisha huamini kwamba picha imekuwa ya kuchapwa. Hakuna pikseli hata moja iliyoongezeka. Kilichobadilika ni maelezo tu, na picha ikitanuliwa kufikia sentimita 18 itarudi palepale kwenye 144. Anayepanga kurasa kwa InDesign anaweza kuliona jambo hili kwenye paneli ya `Links`, ambako `Actual PPI` huonyesha namba iliyoandikwa ndani ya faili na `Effective PPI` huonyesha kile kitakachofika kwenye karatasi. Namba ya pili ndiyo ya kuangaliwa.

Kwa picha ya sentimita 18, chaguo halisi ni kati ya kukuza kwa njia ya kawaida na kukuza kwa programu za akili mnemba. Njia ya kawaida, iwe ni `Bicubic` au `Lanczos`, hukadiria pikseli mpya kutokana na zile zinazoizunguka. Haibuni kitu. Hasara yake ni ulaini: ua lililokuwa na ncha kali hulainika, na mkanda wa chuma hupoteza mng'ao wake mwembamba. Faida yake ni kwamba umbo linabaki lile lile ulilolikubali ulipoichagua picha. Kukuza mara mbili, kama inavyotakiwa hapa, kwa kawaida huvumilika, hasa ikiwa ukali utaongezwa vizuri baadaye.

Programu kama Real-ESRGAN hufanya kazi kwa namna nyingine. Zimefunzwa kwa jozi za picha ndogo na kubwa, nazo hujaza kile zinachodhani kilipaswa kuwepo. Kwenye mkanda wa chuma na kwenye kifuniko, matokeo huwa safi kuliko ya njia ya kawaida, na hapo mimi huzipendelea. Kwenye maua mambo hubadilika, kwa maana petali tano zaweza kuwa sita, ukungu wa rangi waweza kugeuka mstari mkali, na kama ubavuni mwa chupa kuna jina la kampuni, herufi zake hugeuka kuwa michoro inayofanana na maandishi bila kusomeka. Mteja aliyeagiza katoni kadhaa kwa kuangalia katalogi ana haki ya kupokea chupa yenye maua aliyoyaona. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kila eneo la picha linalobeba habari ya bidhaa lapaswa kukaguliwa kwa kuiweka chupa yenyewe mezani, na nembo isiachwe kabisa ndani ya picha iliyozalishwa. Nembo huwekwa baadaye kwenye programu ya kupangia kurasa, ikiwa mchoro wa vekta, na huko hubaki kali kwa ukubwa wowote.

Kama njia ya akili mnemba itachaguliwa, ni heri kukuza kupita kiasi kinachohitajika na kisha kupunguza. Picha ya 1024 ikikuzwa mara nne hufika 4096, na ikipunguzwa hadi 2126 sehemu kubwa ya vijikosa vilivyobuniwa humezwa katika kupunguzwa huko. Kwa ukurasa mzima nafasi hiyo haipo, kwani 4096 na 3579 zinakaribiana, na kila kosa litaonekana. Hapo chaguo bora kuliko yote mawili ni kuizalisha picha upya kwa ukubwa zaidi ikiwa zana inaruhusu, au kuipiga chupa picha kwa kamera. Sioni aibu kusema kwamba kwa jalada la katalogi, kamera na taa mbili bado hushinda.

Jambo dogo kuhusu usafirishaji: picha inayotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa njiani. Itumwe kama hati, na kama zana inatoa PNG, ichukuliwe hiyo badala ya JPEG.

Ukali: mapema au mwishoni

Katika kunoa picha, tofauti kati ya `Unsharp Mask`, `Smart Sharpen` na njia ya `High Pass` ni ndogo kuliko watu wanavyobishana. Linaloamua matokeo ni wakati wa kunoa. Ukali ni mstari mwembamba wa mwanga na giza unaowekwa kwenye ukingo wa kitu, na upana wa mstari huo hupimwa kwa pikseli. Ukiunoa mraba wa 1024 kisha ukaukuza hadi 2126, mstari ule hupanuka mara mbili na kuwa utepe mweupe unaozunguka chupa. Ukiinoa picha kubwa kisha ukaipunguza hadi 709, mstari hupotea na kazi yako pamoja nao. Kwa hiyo nakala kuu huachwa bila kunolewa, na kila matumizi hupewa nakala yake, ambayo hufikishwa kwenye ukubwa wake kwanza na kunolewa baadaye.

Kwa karatasi ya kung'aa na pikseli 300 kwa inchi, mwanzo mzuri ni `Amount` kati ya 120 na 150, `Radius` kati ya 1 na 1.5, na `Threshold` 3 au 4. Kanuni ya wachapaji wengi ya kupata `Radius` ni kugawa pikseli kwa inchi kwa 200, na hapo 300 inatoa 1.5. Karatasi isiyopakwa, kama ya bondi, hunywa wino na vitone vyake hutanuka, hivyo ukali huhitaji kuzidishwa, na `Amount` ya 180 au 200 si ajabu. Ikaguliwe kwa ukubwa wa asilimia 100, na ionekane imezidi kidogo kwenye kioo. Ikionekana kamili kwenye kioo, kwenye karatasi itatoka laini.

Chupa yetu ina mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba picha iliyopitia programu ya akili mnemba imekwisha kunolewa ndani kwa ndani, na ukiongeza kipimo kizima kingo zake huonekana zimekatwa kwa mkasi. Nusu ya kipimo hutosha. Wa pili ni ubavu wa chupa, ambao ni plastiki laini yenye mwanga unaofifia polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakuna cha kunolewa hapo, na ukilazimisha, mwanga ule hugawanyika kuwa ngazi zinazoonekana. Kinga yake ni kuweka barakoa ili ukali ufike kwenye mkanda, maua na ukingo wa kifuniko tu, kisha ubavuni kuongezwa chembechembe kidogo sana za kelele, asilimia 1 hadi 2, ili kuzivunja zile ngazi. Safu ya ukali iwekwe kwenye hali ya `Luminosity`, la sivyo ukingo wa buluu hupata mstari wa rangi usiokuwepo.

Rangi: kubadilisha mwenyewe, kumwachia mchapaji, au kubadilisha wakati wa kutoa PDF

Hapa ndipo maamuzi huwa magumu, na ndipo pesa nyingi hupotea. Kioo huunda rangi kwa mwanga wa aina tatu, na mashine ya ofseti huziunda kwa wino wa aina nne: sayani, majenta, njano na nyeusi, zinazofupishwa kuwa CMYK. Rangi kadhaa zinazong'aa kwenye kioo hazimo kabisa katika uwezo wa wino hizo nne, na buluu kali ya chupa yetu ni mojawapo. Swali basi si kama itapungua, bali nani ataamua ipungue vipi.

Njia ya kwanza ni kuibadilisha picha kuwa CMYK wewe mwenyewe na kupeleka PDF/X-1a, aina ya PDF ya kuchapia ambayo haikubali RGB ndani yake. Unaona namba za wino kabla ya mchapaji, na unaweza kuzirekebisha. Kasoro yake ni kwamba faili imefungwa kwa karatasi moja na mashine moja. Kazi ikihamishiwa kwa mchapaji mwingine, au karatasi ya kung'aa ikibadilishwa kuwa bondi dakika ya mwisho kwa sababu ya bei, inabidi kuanza upya kutoka kwenye RGB. Kubadilisha CMYK moja kuwa nyingine hupoteza rangi, na hata maandishi meusi yaliyokuwa wino mmoja hugeuka kuwa ya wino nne.

Njia ya pili ni kupeleka PDF/X-4 yenye picha za RGB zilizobeba profaili yake, yaani faili inayoeleza maana ya namba za rangi, kwa kawaida sRGB, na kumwachia mchapaji kubadilisha kwa mfumo wake. Kwa kiwanda kilichopangika hii ndiyo njia safi kuliko zote, maana hakuna anayeijua mashine kuliko mwenyewe. Kwa kiwanda ambacho mfumo wake ni wa zamani ni hatari, kwani profaili yaweza kupuuzwa na RGB kubadilishwa kwa mpangilio wowote uliokutwa kwenye kompyuta.

Njia ya tatu ipo katikati. Picha hubaki RGB kwenye kurasa hadi mwisho, na ubadilishaji hufanyika mara moja, wakati wa kutoa PDF kutoka InDesign au Scribus, kwa profaili aliyoitaja mchapaji. Kwa muuzaji anayetafuta bei kwa wachapaji zaidi ya mmoja, hii ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu nakala kuu hubaki huru na bado rangi zitakazotoka kwa wino huweza kuangaliwa mapema kwa `Proof Colors`.

Kinachotenganisha njia hizi kwa vitendo ni maswali mawili ya kumuuliza mchapaji kabla ya kazi: unatumia profaili gani kwa karatasi hii, na unapokea PDF/X ipi? Akijibu kwa mfano PSO Coated v3, ambayo imejengwa juu ya vipimo vya FOGRA51 kwa karatasi iliyopakwa, njia ya pili au ya tatu iko wazi. Akijibu tu kwamba anataka CMYK, chukua njia ya kwanza kwa profaili ya kawaida ya karatasi iliyopakwa, kama ISO Coated v2 300%, na usisaini chochote kabla ya kuona prufu, yaani nakala ya majaribio ya kukagulia rangi. Jambo la kuepuka ni kubonyeza `Mode` kisha `CMYK Color` bila kufikiri. Amri hiyo hutumia profaili iliyowekwa kwenye programu tangu siku ya kusakinishwa, na Photoshop yenye mipangilio ya Amerika Kaskazini hutumia U.S. Web Coated (SWOP) v2, iliyotengenezwa kwa mashine za roli za kuchapa majarida za huko. `Convert to Profile` hukulazimisha kuchagua. Asiye na Photoshop anaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa ImageMagick, akiweka faili za profaili kwenye folda ileile:

```
magick chupa.tif -intent relative -black-point-compensation \
  -profile sRGB.icc -profile PSOcoated_v3.icc chupa-cmyk.tif
```

Sasa turudi kwenye buluu. Ukiwasha `Gamut Warning`, karibu ubavu mzima wa chupa hugeuka kijivu, maana yake wote uko nje ya uwezo wa wino. Kwa `Relative Colorimetric` pamoja na fidia ya weusi, rangi zilizomo hubaki mahali pake na zile za nje husukumwa mpakani. Ndiyo njia ninayoanza nayo kwa bidhaa, kwa sababu maua mekundu na mkanda havibadiliki bila sababu. Hasara yake ni kwamba viwango tofauti vya buluu vilivyo nje huweza kurundikana mahali pamoja, na ubavu ukaonekana bapa kama bati lililopakwa rangi. `Perceptual` huzibana rangi zote kwa pamoja ili tofauti kati yao zibaki, na kwa chupa hii yenye mwanga mrefu ubavuni, mara nyingine hutoa umbo zuri zaidi huku ikififisha vingine. Zilinganishwe mbili hizo kwa jicho, picha kwa picha.

Baada ya hapo soma namba kwenye paneli ya `Info`. Buluu hutengenezwa kwa sayani na majenta, na majenta ikikaribia sayani, buluu huangukia kwenye zambarau. Sayani 95 na majenta 80 karatasini si chupa ya buluu tena. Tofauti ya takriban pointi 30 ndiyo inayolinda rangi, kwa hiyo majenta ishushwe hadi karibu 60 au 65. Mwenye kutaka buluu ileile ya kioo ana njia moja zaidi, wino maalumu wa tano uliochanganywa kabla, lakini huo unahitaji bamba lake na gharama yake, na kwa chupa moja kati ya bidhaa nyingi sioni sababu.

Kasoro ya mwisho ni ile ya mandhari nyeupe. Zana nyingi za kuzalisha picha hazitoi weupe kamili hata ukiuagiza. Hutoa 250 au 252 badala ya 255, tena usio sawa pembe hadi pembe. Kwenye kioo hakuna anayeona. Ikibadilishwa kuwa CMYK, weupe huo hupata asilimia 1 au 2 ya wino, na ukurasani chupa hukaa ndani ya kisanduku hafifu cha kijivu ambacho kingo zake zinaonekana waziwazi dhidi ya karatasi tupu. Kuigundua ni rahisi: ongeza safu ya `Threshold`, ipandishe hadi 255, na kila kisicho cheupe kabisa kitakuwa cheusi. Kisha chagua kati ya kuikata chupa na kuiondoa mandhari yote, jambo ambalo huondoa pia kivuli chake na kuiacha ikielea, au kutumia `Levels` kwenye mandhari peke yake na kusogeza kikomo cha weupe hadi 248, ili mandhari ifike 255 na kivuli kifutike polepole kuelekea karatasini. Ya pili ni ndefu zaidi, na ndiyo inayoifanya chupa isimame.

Prufu ya kutolea uamuzi ni ile iliyotolewa kwa profaili ya kazi yenyewe, si karatasi iliyotoka kwenye printa ya ofisi. Iangaliwe chini ya taa ya kelvini 5000, ambayo ndiyo kipimo cha wachapaji, chupa halisi ikiwa pembeni, kwa sababu picha iliyozalishwa haijawahi kuiona chupa hiyo na rangi yake ni makisio. Kama prufu na chupa vinatofautiana, rekebisha nakala kuu ya RGB, badilisha upya, na uombe prufu nyingine kabla mabamba hayajatengenezwa.